Ukuta wa jirani ukivuka bikoni

Tuchukue mfano wa viwanja viwili vilivyopimwa, vinavyopakana mjini. Jirani amejenga ukuta wa mita 20 kando ya mpaka. Mpima ardhi anapokuja anakuta ukuta mzima umeingia kwako kwa sentimita 40, na gata ya paa lake inaning'inia juu ya ua wako. Umepoteza mita za mraba 8.

Jirani atasema hakujua mpaka ulipo na kwamba hujapata hasara yoyote. Nimezisikia hoja hizo mara nyingi, na hazimwokoi. Katika sheria ya madai tuliyoirithi Tanzania kutoka Uingereza, kuingilia ardhi ya mtu bila ruhusa ni kosa hata kama hakuna kilichoharibika, na hata aliyekosea kwa nia njema anawajibika. Gata nayo, ingawa haigusi udongo, imeingia katika anga la kiwanja chako.

Kosa hili pia huendelea kila siku ukuta unaposimama pale. Katika kesi ya Holmes dhidi ya Wilson, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1839, waliojenga nguzo za kuegemeza barabara kwenye ardhi ya mtu walimlipa fidia lakini hawakuziondoa. Alishtaki tena na akashinda. Lakini usikae ukihesabu miaka: madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12.

Anza na mpaka wenyewe. Usipime kwa kamba kutoka kwenye ukuta mwingine, maana nao huenda umepinda. Omba ofisi ya ardhi au mpima aliyesajiliwa afufue mipaka kwa kutumia ramani ya upimaji iliyoidhinishwa, jirani akiwepo, kisha upate taarifa yake kwa maandishi. Mashauri mengi huanguka hapa, kwa sababu mlalamikaji ana hati mkononi lakini hawezi kuonyesha mahali bikoni, yaani alama ya mpaka iliyowekwa na mpima, ilipokuwa.

Msipoelewana, nenda baraza la kata. Tangu mwaka 2021 baraza hilo halitoi hukumu. Kazi yake ni kusuluhisha. Likishindwa, chukua uthibitisho wake uende nao Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kwani bila huo shauri lako halitasikilizwa, isipokuwa siku 30 zikipita bila usuluhishi; hapo unaweza kufungua shauri bila uthibitisho. Usibomoe ukuta mwenyewe. Utageuka wewe kuwa mshtakiwa.

Kule wilayani unaweza kuomba amri ya kubomoa, fidia, na zuio la muda kama ujenzi unaendelea. Kubomoa si lazima kukubaliwe. Uvamizi ukiwa mdogo, hasara ikapimika kwa fedha, na kubomoa kukawa ni kumwonea mwenye nyumba, fidia yaweza kutosha. Ndiyo maana nasisitiza barua ya malalamiko iandikwe msingi unapochimbwa, na nakala ipelekwe serikali ya mtaa. Aliyeonywa akiwa kwenye msingi akaendelea hadi kupaua hawezi kudai baadaye kwamba anaonewa.