Kadi ya nyongeza ya mke au mtoto: anaswipe yeye, deni lako wewe

Msimu wa korosho ukichanganya hapa Mtwara dawati letu la kadi linajaa watu wa aina moja. Baba anafika na stetimenti mkononi, kaikunja mara nne, anasema hii hela sijatumia mimi katumia mwanangu, mpelekeeni yeye deni lake. Tukimwambia deni ni lake anaona kama tumekula njama. Kwa hiyo leo naandika juu ya hili tu, kadi ya mkopo ya nyongeza, yaani ile anayopewa mke au mtoto kwenye mkopo wako, sizungumzii ile kadi ya kutolea hela zako mwenyewe zilizopo kwenye akaunti.

Nianze na mteja mmoja wa Masasi, ana duka la vifaa vya ujenzi. Kadi yake ina limiti ya sh. 3,000,000. Akaomba kadi mbili za nyongeza, ya mkewe anayekaa na wadogo huku Mtwara mjini na ya kijana wake anayesoma Dodoma. Kwenye fomu kuna kiboksi cha limiti ya kila kadi, akakiacha wazi. Baadaye nilimuuliza kwa nini, akaniambia alidhani kila kadi inakuja na milioni tatu zake. Ndugu zangu hapana. Limiti ni moja, ni sawa na mtungi mmoja wenye kata tatu, na ukiacha kile kiboksi wazi maana yake umeruhusu kila mmoja achote mpaka chini.

Mwezi ule mzee alinunua mabati na saruji za 1,400,000. Mama akalipia ada na mahitaji ya nyumbani 700,000. Kijana tarehe 5 akatoa kesh kwenye ATM 600,000 kwa ajili ya chumba, halafu akanunua vitu onlaini vya 250,000. Jumla 2,950,000. Mzee anaenda kuongeza mzigo wa misumari kadi inakataa, anapiga simu kwa hasira anasema mfumo wenu mbovu, kumbe haijabaki hata 50,000.

Na hapo kesh inaleta habari yake. Manunuzi ya dukani ukilipa deni lote kabla ya tarehe ya mwisho hayana riba, lakini kesh ya ATM kwenye kadi ya mkopo haina hiyo nafuu, riba inaanza siku ileile hela inatoka na juu yake kuna ada ya kutoa. Tufanye ada ni asilimia 3 na riba ni asilimia 3 kwa mwezi (angalia mkataba wako, viwango vinatofautiana benki na benki). Ada hapo ni 18,000. Stetimenti inafungwa tarehe 25, zimepita siku 20, riba ni 12,000. Deni linasoma 2,980,000. Kiwango cha chini cha kulipa tukiweka asilimia 10 ni 298,000, na wengi wanalipa hicho wakijua wamemaliza kazi. Hujamaliza. Inabaki 2,682,000, na mwezi unaofuata riba yake peke yake inapita kidogo 80,000 hata kama hakuna aliyeswipe kitu. Usipolipa hata hicho kiwango cha chini inaingia faini ya kuchelewa, kadi zote tatu zinafungwa, na taarifa inayokwenda kwenye kanzidata ya wakopaji inabeba jina la mzee, ya kijana haiguswi. Siku mzee anaomba mkopo wa duka benki nyingine wanaliona.

Sasa kwa nini deni ni lake? Kwa sababu mkataba wa mkopo ni wake. Kipato kilichopimwa ni chake, sahihi ya kukubali kulipa ni yake. Mke au mtoto anasaini kupokea kadi na kufuata masharti ya kuitumia, na kwa mikataba ya kawaida hiyo haimfanyi mkopaji. Watu wananiambia lakini mwanangu ana miaka 22 ni mtu mzima. Ni mtu mzima ndiyo, ila hajakopa, umekopa wewe ukampa ruhusa ya kutumia. Hili nimelieleza mara nyingi mno na naomba lieleweke kabla ya kusaini.

Kwetu fomu inajazwa tawini na mwenye kadi mkuu mwenyewe, hatupokei aliyetumwa. Unakuja na namba ya NIDA yako na ya unayemuombea, awe ametimiza miaka 18, pamoja na cheti cha ndoa au cha kuzaliwa. Pale kwenye limiti ya kadi andika namba. Kijana wa Dodoma angeandikiwa 200,000 kwa mwezi na kesh ikawekwa sifuri, mashine ingemkatalia palepale ATM, angempigia baba yake na wangeongea. Onlaini na matumizi ya nje ya nchi vinafungwa hivyohivyo, kila kimoja peke yake. Halafu namba za simu: namba ya uthibitisho ya kununua onlaini iende kwenye simu ya anayetumia, lakini meseji ya kila muamala ije kwako. Wengi wanaandika namba moja ya mtoto kila mahali halafu wanashtuka mwisho wa mwezi.

Kuna mambo mawili kuhusu hiyo limiti ndogo ambayo hata waliojaza vizuri hawayajui. La kwanza, haimtengei mtoto hela. Wewe ukimaliza milioni tatu zote kwenye saruji, laki mbili zake hazipo, kadi yake itakataa hata kama hajagusa kitu. La pili, uliza inahesabiwaje. Benki nyingine inaanza upya kila stetimenti ikifungwa, iwe umelipa deni lote au hujalipa, kwa hiyo kwa miezi minne anaweza kuchota laki nane, bado riba. Nyingine haifunguki mpaka deni lake lilipwe. Swali hilo muulize afisa kabla hujasaini, ana wajibu wa kukujibu.

Ukitaka kuifunga, mkigombana, mkitengana au mtoto akimaliza chuo, kukata kadi kwa mkasi hakutoshi, na kumwambia asitumie hakutoshi. Piga namba ya huduma kwa wateja uombe ifungwe, andika saa na namba ya kumbukumbu wanayokupa, halafu fika tawini usaini fomu ya kufuta. Muamala uliofanyika kabla ya kufungwa unabaki wako. Kama kadi ilisajiliwa kwenye huduma za kulipia kila mwezi, za filamu au intaneti, zifute pia kulekule, maana makato mengine yanaweza kujaribu kupita hata kadi ikiwa imefutwa.

Na usije kuandika fomu ya wizi wakati unajua aliyetumia ni mwanao uliyempa namba ya siri. Tukifuatilia tunaona ni kadi yenyewe na namba sahihi, pingamizi linakataliwa na riba imeendelea kuhesabu siku zote hizo. Kama kweli humjui aliyetumia hiyo ni habari nyingine, njoo siku hiyohiyo, usisubiri stetimenti.

Yule mzee wa Masasi alikubali kuwa deni ni lake. Aliuza mzigo akalipa deni lote kwa awamu mbili, kadi ya mama ikawekewa 500,000, ya kijana 150,000 bila kesh, na meseji zote zinaingia kwenye simu ya dukani.