object-fit haizuii picha kumwagika, jamani

Hii ni mara ya tatu mwezi huu namsikia mtu anamwambia mwenzake "picha inatoka nje ya kontena? weka tu object-fit: cover itakaa", mwenzake anaweka, haikai, afu wote wawili wanakubaliana kwamba CSS ina kisirani. CSS haina kisirani, mmeita fundi bomba mkamwambia apake rangi.

Maana yake kwa haraka. `max-width` inaweka kikomo cha upana wa fremu ya picha, yaani kisanduku ambacho brauza inaitengea picha, `aspect-ratio` inaamua umbo la hiyo fremu yaani upana kwa urefu, na `object-fit` inaamua picha ikae vipi *ndani* ya fremu yake. Ni hayo tu, ila hilo neno ndani ndio watu wanaliruka.

Nadhani tatizo ni neno lenyewe. Sisi "fiti" tumeshalifanya letu, suruali imefiti, viatu vimefiti, kochi limefiti sebuleni, kwa hiyo mtu akiona `object-fit` anajua moja kwa moja kwamba picha itafiti kwenye ukurasa. Sasa fikiria fundi wa fremu za picha mtaani. Kuna ukuta wako ambao ndio kontena, kuna fremu, na kuna karatasi ya picha iliyo ndani ya fremu. `object-fit` inajua karatasi na fremu basi, ukuta haiujui. Fremu ikiwa kubwa kuliko ukuta, hata uipange karatasi vizuri namna gani bado fremu itatokeza dirishani. Hata hilo "object" lina sababu, kwenye rasimu za mwanzo waliita `image-fit` wakaja kubadilisha, maana video nayo ina fremu na kitu ndani yake, sio picha peke yake. Yaani jina lilikuwa linazungumzia kilichomo tangu zamani. Na `cover` ni kama shuka la kitanda, lazima lifunike godoro lote, linalozidi unalichomeka chini huko halionekani, wakati `contain` ni picha nzima ionekane hata kama pembeni patabaki wazi. Usipoandika chochote unapata `fill`, ile ya kuvuta picha mpaka sura za watu zinakuwa kama kwenye kijiko.

Kuna dada anauza madera, picha anapiga na simu, zinatoka pikseli 4000 kwa 3000. Simu ya mteja ina upana wa pikseli 360 kwa hesabu za CSS, ukitoa nafasi ya 16 kila upande kontena linabaki 328. Bila CSS yoyote fremu ya picha ni 4000, ndio maana ukurasa unaskroli kwenda kulia kama treni. Ukiweka `object-fit: cover` peke yake hapo hakuna kinachobadilika hata chembe, kwa sababu fremu na picha vina umbo lile lile na ukubwa ule ule, hakuna cha kufitisha. Dawa ni hii, nayo ina miaka, Ethan Marcotte alipoleta habari ya muundo unaojirekebisha kulingana na skrini mwaka 2010 huu mstari wa max-width ulikuwemo:

```css
img {
  max-width: 100%;
  height: auto;
}
```

Hapo upana unashuka mpaka 328 na urefu unajipigia hesabu wenyewe, 246. Na ni `max-width`, sio `width`. Ukiandika `width: 100%` kwa kila picha basi kile kilogo cha pikseli 120 nacho kitavutwa mpaka 328 na kitakuwa na ukungu, kikomo na amri ni vitu viwili tofauti.

Ile `height: auto` usiione ni pambo. Huyu dada HTML yake ilikuwa na `width="4000" height="3000"`, ambayo ni vizuri usiifute, brauza inaitumia kutenga nafasi mapema ili maandishi yasirukeruke picha ikifika. Ila aliyemsaidia aliandika max-width akasahau height, fremu ikawa 328 kwa 3000, dera limekuwa refu kama mnazi. Akaona imevutika, akakumbuka ushauri wa mtaani, akaongeza `object-fit: cover`. Kweli ikaacha kuvutika! Lakini fremu ni ile ile ya urefu 3000, kwa hiyo ili kuifunika picha ikabaki na ukubwa wake wote, na kati ya upana wa 4000 zikawa zinaonekana 328 za katikati, chini ya sehemu moja ya kumi. Mteja anaskroli weee anaona kipande cha kitambaa tu, hajui ni dera au pazia.

Sasa object-fit kazi yake iko wapi? Iko pale unapotaka fremu zote ziwe na umbo moja, mfano kadi za bidhaa, wakati picha nyingine zimepigwa simu ikiwa imesimama na nyingine imelala.

```css
.kadi img {
  width: 100%;
  height: auto;
  aspect-ratio: 4 / 3;
  object-fit: cover;
}
```

Kila fremu inakuwa 328 kwa 246. Hiyo `height: auto` ikikosekana na HTML ina `height="3000"`, basi aspect-ratio inapuuzwa kimya kimya, kwa sababu upana na urefu vyote vimeshatajwa umbo halina tena cha kuamua. Picha iliyosimama ya 3000 kwa 4000 ikija kwenye hiyo fremu inapanuka mpaka upana 328, urefu wake unafika kama 437, hivyo 191 zinakatwa, nusu juu nusu chini. Kwa madera maana yake ni kichwa cha mvaaji kimeenda. Ongeza `object-position: top` kichwa kirudi, chini ndio pakatwe. Na kama mshono wa pindo ndio unaouza, basi tumia `contain` ukubali pembeni pawe wazi, mimi kwa nguo ningechagua hiyo, ila mwenye duka alipenda zijae na duka ni lake.

Kabla hujaamua nani alaumiwe weka `outline: 2px solid red` kwenye img, haibadilishi ukubwa wa kitu, inakuchorea fremu tu. Mstari mwekundu ukivuka ukingo wa skrini, shida ni fremu, nenda kwa max-width. Mstari ukiwa ndani lakini picha imebanwa au imekatwa vibaya, hapo ndio useme object-fit. Ila usifunike mambo kwa `overflow-x: hidden` kwenye body, fremu inakuwa bado ni 4000, umemnyima mteja tu njia ya kuona iliyobaki. Na hakuna hata moja kati ya hizi inayopunguza uzito wa faili, bando la mteja linaliwa kama kawaida.

Kwa hiyo ndugu yangu wa "weka tu cover", ushauri wako sio mbaya, umewahi tu. Mwambie kwanza aipunguze fremu, afu ndio muulizane karatasi ikaeje ndani.