Toleo la BOM: resipi ikibadilika, mfumo ubadilike lini?

BOM ni orodha ya kila kitu kinachoingia katika bidhaa moja, pamoja na kiasi chake. Mpishi wa kiwandani anaiona kama resipi, mtu wa stoo anaitumia kutolea mali, na mhasibu anaisoma kama gharama. Wote watatu wanategemea karatasi moja ndani ya ERP, yaani mfumo wa kompyuta unaounganisha uzalishaji, stoo na hesabu za kiwanda. Ndiyo maana resipi ikibadilika, hairuhusiwi mtu kuingia tu na kufuta namba ya zamani akaandika mpya. Hutengenezwa toleo jipya la BOM, na la zamani hubaki kama lilivyokuwa. Uamuzi wenyewe wa kubadilisha, yaani nani kaomba, kwa nini, nani kaidhinisha na unaanza lini, huandikwa kwenye hati ya mabadiliko ya kihandisi.

Watu wengi huishia kwenye swali la kiasi: kilo ngapi zimetoka, kilo ngapi zimeingia. Hiyo ndiyo sehemu rahisi. Kinachosumbua viwanda ni neno "lini".

Tuchukue mfano wa kiwanda cha ukubwa wa kati pale Vingunguti kinachopika sosi ya nyanya na kuijaza kwenye chupa za gramu 400, chupa 24 kwa katoni. Pishi moja ni kilo 500: rojo la nyanya 120, sukari 75, siki 30, chumvi 12, wanga wa mahindi 15, viungo 3, na maji 245. Wanga ndio unaoifanya sosi iwe nzito, isiwe majimaji. Idara ya ubora imejaribu wanga wa muhogo, imeridhika, na inataka kuhama. Kwenye mfumo kama ERPNext, mistari iliyobadilika itaonekana hivi:

```
                 BOM-SOSI-NYANYA-001   BOM-SOSI-NYANYA-002
WANGA-MAHINDI          15 kg                   -
WANGA-MUHOGO             -                   13 kg
MAJI                  245 kg                247 kg
```

ERPNext yenyewe inakulazimisha kufika hapa, kwa sababu BOM ikishapigwa `Submit` kiasi chake hakihaririki tena. Unanakili, unabadilisha, unaidhinisha, na mfumo unaipa namba inayofuata. Kisha unaweka alama ya `Is Default` kwenye 002 ili oda mpya za uzalishaji ziichukue hiyo.

Kuna jambo lingine ambalo orodha ya kilo haionyeshi. Wanga wa muhogo hupoteza uwezo wa kuifanya sosi iwe nzito ukipikwa kwa muda mrefu, na tindikali huuharibu zaidi. Kwa hiyo siki sasa inaingia mwishoni mwa pishi badala ya katikati. Toleo jipya lazima libebe pia hatua mpya za kupika. Likibeba viambato peke yake, zamu ya usiku itapika wanga mpya kwa mtindo wa zamani, sosi itatoka majimaji, na lawama itamwangukia mpishi asiye na kosa.

Sasa tuje kwenye "lini". Chupa ina lebo, na lebo ya chakula kilichofungashwa lazima itaje viambato vilivyomo. Kiwango cha Afrika Mashariki EAS 38 kinadai hivyo, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa chakula nchini uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Lebo ya sasa inasema "wanga wa mahindi". Siku sosi ya muhogo inapoingia chupani, lebo hiyo inakuwa inasema uongo. Kwa hiyo tarehe ya kuanza inaamuliwa na vitu viwili vilivyoko stoo: wanga uliobaki na lebo zilizobaki.

Tuseme stoo ina kilo 270 za wanga wa mahindi na lebo 30,000. Pishi moja la kilo 500 hutoa chupa 1,250, tukiacha upotevu pembeni. Lebo 30,000 zinatosha mapishi 24. Wanga, kwa kilo 15 kila pishi, unatosha mapishi 18 tu. Kiwanda kikisema "tunahama wanga ukiisha", lebo za mapishi sita zitabaki, yaani 7,500, na hazina kazi tena. Kikisema "tunahama lebo zikiisha", kinapungukiwa kilo 90 za wanga wa mahindi.

Mimi ningenunua wanga. Mifuko minne ya kilo 25 inatosha, kilo kumi zinabaki, na wanga huo unauzwa ndani ya sosi kama kawaida. Lebo zilizotupwa hazirudishi hata senti. Lakini hesabu hiyo haiwezi kufanyika kama mwombaji wa mabadiliko ameandika tu "badilisha wanga" bila kuuliza stoo. Hati nzuri ya mabadiliko ina mstari wa mali ya zamani: kipo kiasi gani, kitatumika, kitauzwa au kitatupwa. Mstari huo ukiwa mtupu, hati hiyo haijawa tayari kusainiwa.

Kwa mapishi mawili kwa siku, mapishi 24 ni siku 12 za kazi. Kiwanda kinachofanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi kitamaliza baada ya wiki mbili kamili, na toleo jipya litaanza Jumatatu inayofuata. Mifumo inatofautiana hapa. Katika SAP, mabadiliko hubebwa na namba ya mabadiliko yenye tarehe ya kuanza, na mfumo wenyewe unachagua orodha kulingana na tarehe. Katika Dynamics 365, kila toleo la BOM lina tarehe yake ya kuanza na ya kuisha. Kwenye ERPNext, toleo linawashwa na mtu kwa alama ya `Is Default`. Kwa hiyo hapo tarehe inaishi kwenye hati na kwenye kichwa cha mtu aliyepewa kazi ya kuiwasha. Andika jina lake kwenye hati.

Oda za uzalishaji ambazo zimeshafunguliwa ni suala la peke yake. Oda inapoidhinishwa, hubeba nakala ya mahitaji ya wakati huo. Ukiwasha 002 leo, oda nne zilizofunguliwa wiki iliyopita zitaendelea kudai wanga wa mahindi. Hilo si kosa la mfumo. Mara nyingi ndivyo unavyotaka, maana oda hizo zimepangwa kumalizia mali ya zamani. Tatizo linatokea pale mpangaji alipofungua oda za mwezi mzima mapema. Oda za baada ya ile Jumatatu lazima zifungwe na kufunguliwa upya.

Dalili ya kwamba zimesahaulika huonekana stoo kwanza. Msimamizi wa stoo anampigia mpangaji: "Mkuu, kwenye mfumo wanga wa mahindi unakwenda hasi, na wa muhogo haupungui, lakini mifuko ya muhogo naiona inaisha." Maana yake wapishi wanafuata resipi mpya na oda zinakata mali ya zamani. Mfumo uliozuia salio hasi hautaonyesha hasi. Utakataa tu kutoa mali, na hapo ndipo watu huanza kutafuta njia za mkato. Kurekebisha salio kwa kuhesabu upya stoo kunaficha jambo. Kinachotakiwa ni kusahihisha oda.

Ngazi za juu za BOM nazo husahaulika sana. Sosi haiuzwi ikiwa kwenye pipa. Katoni ina BOM yake inayodai chupa 24 zilizojazwa. Chupa iliyojazwa ina BOM yake inayodai sosi gramu 400, chupa tupu, kifuniko na lebo. Kwenye ERPNext, mstari wa sosi ndani ya BOM ya chupa unataja namba kamili ya BOM ya chini yake, kwenye sehemu ya `BOM No`. Kuwasha 002 huku chini hakugusi mstari ule. Chupa itaendelea kuelekeza kwa 001, gharama itapigwa kwa wanga wa mahindi, na mpango wa manunuzi utaendelea kuuagiza.

Kwa kuwa hapa lebo nayo inabadilika, chupa inastahili toleo lake jipya, linaloelekeza kwenye `BOM-SOSI-NYANYA-002` na lebo mpya. Katoni haijabadilika kitu zaidi ya kilicho chini yake, kwa hiyo `BOM Update Tool` inatosha kuielekeza kwenye toleo jipya la chupa. Baada ya hapo fungua BOM ya katoni na ushuke ngazi moja moja hadi uone `WANGA-MUHOGO` kwa macho yako. Ni kazi ya dakika chache.

Lebo mpya ipewe msimbo mpya wa bidhaa, `LEBO-400-B`, si toleo jipya la `LEBO-400-A`. Kanuni ninayoisimamia ni hii: kama mtu wa stoo anaweza kuchanganya cha zamani na kipya kwenye rafu moja bila madhara yoyote, msimbo ubaki uleule na toleo libadilike. Kama hawezi, msimbo ubadilike. Lebo mbili zenye viambato tofauti haziwezi kukaa chini ya msimbo mmoja, maana mfumo utahesabu jumla na hautajua zipi ni zipi. Katoni ya sosi, kwa upande wake, inaweza kubaki na msimbo wake. Duka la Kariakoo litauza ya zamani na mpya bega kwa bega, na kila chupa ina lebo inayosema kweli. Lakini wanga mpya ungekuwa wa ngano, ningesita. Ngano ina watu isiyowafaa kabisa, na ningetaka katoni hizo zitofautishwe tangu stoo hadi kwenye ankara.

Pamoja na yote haya, kuna pengo moja ambalo toleo la BOM haliwezi kuliziba. Sosi iliyopikwa Jumamosi jioni kwa wanga wa mahindi ikibaki kwenye tangi, kwenye mfumo ni `SOSI-NYANYA` tu, msimbo uleule na wa ile itakayopikwa Jumatatu. Oda ya kujaza chupa ya Jumatatu inadai sosi na lebo mpya, inakuta sosi ipo, na inaichukua. Hakuna onyo lolote, na sosi ya mahindi inatoka na lebo ya muhogo. Dawa ni kuandikisha sosi kwa namba ya bechi, ili anayejaza achague bechi ya toleo jipya, na hati ya mabadiliko iseme wazi kwamba tangi litajazwa chupani lote na kuoshwa Jumamosi kabla ya zamu kutoka, pamoja na saini ya msimamizi wa zamu aliyelikagua.