Diodi Iliyopita Kwenye Mita Lakini Inaunguza Chaja

Chaja za betri zinazotumika kwenye taa za kuvulia dagaa hufika kwa mafundi wa Mwanza zikiwa na ugonjwa ambao mita haiuoni. Chaja ilikufa, ikafunguliwa, diodi ya upande wa kutoa umeme ikakutwa imeshoti. Ikawekwa nyingine, mita ikasema nzima. Chaja ikawashwa, ikaanza kulia tik, tik, tik huku taa yake ya kijani ikipepesa. Ikilazimishwa, dakika chache baadaye fyuzi inakuwa nyeusi na transista ya upande wa umeme mkubwa imekwenda nayo. Kosa halikuwa kwenye ulehemu. Diodi ilikuwa nzima kweli, ila haikuwa ya pale.

Tuchukue chaja moja tuipitie: inaingiza volti 230 za TANESCO, inatoa volti 14.4 kwa ampea 8. Ndani yake kuna sehemu mbili zinazogeuza umeme wa kwenda na kurudi kuwa wa upande mmoja, na watu wengi huzichukulia kama kitu kimoja. Ya kwanza ni daraja la diodi nne mlangoni, linalopokea umeme wa mzunguko 50 kwa sekunde. Ya pili ni diodi moja kubwa yenye miguu mitatu, imefungwa kwenye bati la kupozea, baada ya transfoma ndogo. Transfoma hiyo haifanyi kazi kwa mizunguko 50. Transista huikatia umeme mara 65,000 hivi kwa sekunde, na ndiyo maana inaweza kuwa ndogo kiasi cha kukaa kiganjani.

Kila diodi ina gharama mbili. Ya kwanza ni volti inazokula umeme unapopita mbele, zinazoandikwa VF kwenye karatasi ya data. Ya pili ni muda inaochukua kufunga umeme unapogeuka, unaoandikwa trr.

VF ndiyo rahisi kuelewa, lakini uzito wake unategemea diodi iko wapi. Mlangoni, umeme wa volti 230 ukishapita kwenye daraja na kujaza kapasita kubwa hufika volti 325 hivi. Diodi mbili za daraja hupitisha kwa pamoja, kila moja ikila takriban volti 0.9, jumla 1.8. Kati ya volti 325 hiyo haifiki hata 1 kwa 100. Kwa chaja hii, mkondo wa wastani pale ni chini ya nusu ampea, kwa hiyo joto la daraja zima halizidi wati 1. Sasa vuka transfoma. Diodi ya kutoa inapitisha wastani wa ampea 8. Ikila volti 0.8, inapoteza wati 6.4, na hiyo ni kama 5.5 kwa 100 ya nguvu yote inayotoka. Volti karibu ileile, upande mmoja haina maana, upande wa pili inahitaji bati la kupozea na feni.

Hapo mita hudanganya kidogo. Mita iliyowekwa kwenye alama ya diodi hupitisha takriban milliampea 1 tu. Diodi ya silikoni ya kawaida itasoma kati ya 0.45 na 0.7, na ya Schottky kati ya 0.15 na 0.3. Namba hizo zinafaa kutambua aina. Hazikuambii diodi itakula volti ngapi ikibeba ampea 8, na anayekokotoa joto kwa 0.2 aliyoisoma kwenye mita atachagua bati dogo mno.

Kuhusu trr mita haisemi lolote.

Diodi ya silikoni ikipitisha umeme, eneo la makutano yake hujaa chaji. Umeme ukigeuka ghafla, chaji hizo hazipotei papo hapo. Ni kama mlango wa kivuko: nahodha ameshatoa amri ya kuufunga, lakini watu bado wamesimama juu yake, na mpaka wateremke mlango haupandi. Katika kipindi hicho diodi hupitisha umeme kinyumenyume kama kipande cha waya. Diodi za mlangoni kama 1N4007, 1N5408 na 6A10 huchukua zaidi ya mikrosekunde 1, na karatasi nyingi za data hazitaji kabisa muda wake, maana zimetengenezwa kwa mizunguko 50 au 60. FR107 imeandikiwa nanosekunde 500. UF4007 ni 75. MUR1620CT ni 35. Diodi ya Schottky, kwa kuwa makutano yake ni chuma na silikoni, haihifadhi chaji za namna hiyo. Hufunga karibu mara moja.

Turudi kwenye chaja. Diodi iliyotoka ilikuwa MBR20100CT, ya Schottky, ampea 20 na volti 100. Fundi hakuipata, akaunganisha 6A10 mbili sambamba. Kwa macho ni sawa kabisa: ampea 12 kwa kazi ya ampea 8, na volti 1000 badala ya 100. Inaonekana imara kuliko ya kiwandani!

Sasa tukadirie. Mzunguko mmoja wa chaja ni mikrosekunde 15 hivi. Tuseme kila transista inapowaka, diodi hizo zinarudisha umeme unaofika ampea 10 kisha kushuka, yote ndani ya mikrosekunde 1. Chaji iliyorudi ni nusu ya 10 mara 1, yaani mikrokulombi 5. Wakati huo diodi inatakiwa kuzuia volti 60 hivi:

```
5 µC x 60 V  = 0.3 mJ kwa kila mzunguko
0.3 mJ x 65000 = 19.5 W
0.3 mJ x 50    = 0.015 W
```

Mstari wa mwisho ndio wenye siri. Chaji ileile, volti zilezile, lakini kwa mizunguko 50 joto lake ni la kupuuza. Kwa mizunguko 65,000 ni wati karibu 20, zinazogawanyika kati ya diodi zenyewe na transista ya upande wa umeme mkubwa. Weka MUR1620CT pale, umeme wa kurudi ukiwa ampea 3 kwa nanosekunde 35, na hesabu hiyohiyo inatoa wati 0.2.

Mlio wa tik-tik nao unaeleweka kutoka hapo. Transista inapowaka, transfoma inaona upande wa kutoa umeshotiwa na diodi ambayo haijafunga. Mkondo unapanda ghafla, IC inayoongoza inauona kupitia kipingamizi kidogo kilicho kwenye mguu wa transista, inazima, inasubiri, inajaribu tena. Ulinzi huo ukichelewa, transista hufa. Ndiyo maana chaja ikilia hivyo mara tu baada ya kubadilishwa diodi, izimwe. Kubadilisha fyuzi na kuiwasha tena ni kuongeza idadi ya vipuri vya kununua.

Kosa la pili ni kinyume cha hilo, na hutokea kwa fundi anayejua kuwa panahitajika diodi ya kasi. Anafungua pawa saplai mbovu ya kompyuta na kung'oa diodi ya Schottky yenye ampea 30. Ya kasi, inakula volti chache, ni nzuri. Tatizo ni kwamba ile ya njia ya volti 5 kwa kawaida ni ya volti 40 au 45. Katika chaja yetu, tukichukulia transfoma yenye uwiano wa 7 kwa 1, diodi inapofunga hubanwa na volti 325 gawa kwa 7, yaani 46, ukijumlisha 14.4 za betri: karibu 61. Umeme wa TANESCO ukipanda hadi 253, inakuwa 66, na kila mkato huongeza mruko wa volti juu yake. Diodi ya volti 45 hushoti hapohapo. Ya volti 60 inaweza kudumu siku kadhaa, na hiyo ni mbaya zaidi, kwa sababu chaja itakuwa imeshafika Ukerewe.

Volti 100 basi ndiyo ngazi inayofaa hapa. Pasipokuwa na MBR20100CT, MUR1620CT ya volti 200 inakubalika: kwa mzigo huu itaongeza joto kidogo tu kwa sababu VF yake ni kubwa zaidi, hivyo bati na feni viwe safi. Kando ya ziwa hilo si jambo dogo. Wadudu wa ziwani hufuata taa kwa maelfu na kujaa kwenye feni. Schottky ikipata moto huvujisha umeme kinyume: MBR20100CT ikiwa baridi huvujisha sehemu ndogo ya milliampea, ikifika nyuzi 125 inavujisha milliampea kadhaa. Uvujaji unaleta joto, joto linaongeza uvujaji, na bati lililoziba halina pa kulipeleka.

Mlangoni kwenyewe usihangaike kuweka diodi za kasi. UF5408 inakula hadi volti 1.7 kwa ampea 3 wakati 1N5408 inakula kama 1, na kasi yake pale haina kazi.

Mwenye osiloskopu na jenereta ya mawimbi anaweza kupima diodi isiyosomeka maandishi. Iunganishe mfululizo na kipingamizi cha omu 100, peleka wimbi la kilohezi 50 lenye kilele cha volti 5, kisha tazama volti kwenye kipingamizi. Ya kasi itaonyesha nusu ya juu pekee na kukatika sifurini. Ya polepole itashuka chini ya sifuri na kubaki huko kwa muda kabla ya kurudi, na 1N4007 huonyesha mkia huo wazi kabisa. Asiye na vifaa hivyo asikisie: asome namba na atafute karatasi ya data. Isipotaja trr, na si Schottky, ichukuliwe kuwa ni ya mlangoni.

Kabla ya kugusa chochote, chomoa chaja na umwage kapasita kubwa kwa kipingamizi cha kiloomu 10 cha wati 5, kisha pima volti zake. 325 hubaki humo baada ya waya kutoka ukutani. Angalia kipingamizi kidogo na kapasita vilivyo sambamba na diodi ya kutoa. Kipingamizi kikiwa cheusi, kibadilishe kwa thamani ileile, kwani ndicho kinachomeza mruko. Paka grisi ya kupozea na urudishe karatasi ya kuhami kama ilikuwapo. Washa kwanza bila betri, kupitia balbu ya nyuzi ya wati 60 iliyofungwa mfululizo na waya wa umeme. Balbu ikimulika mara moja na kufifia, na kwenye miguu ya kutoa kukawa na volti 14 na kidogo, ondoa balbu na unganisha betri iliyopungua chaji. Baada ya nusu saa kwa mzigo kamili, pima joto la bati ukiwa umefunga kasha, si likiwa wazi mezani.