Buku kwa buku, mshindi 1,800: hesabu ya ludo ya pesa na roboti wake

Mkulima wa korosho wa Tandahimba au Newala hafundishwi makato ni nini. Bei inayotajwa mnadani ni moja, pesa inayoingia kwenye akaunti ni nyingine, na katikati kila mwenye fungu lake amekwisha kulichukua. Ajabu ni kwamba kijana wake anayesubiri abiria stendi ya bodaboda pale Mtwara mjini, akifungua ludo ya pesa kwenye simu, habari ya makato haimjii kabisa. Anajiuliza kama anajua kucheza. Hilo ni swali la pili.

Tuchukue meza ya watu wawili. Kwenye skrini imeandikwa `Entry 1000`, `Prize 1800`. Kila mmoja ameweka buku, mezani ipo 2,000, mshindi anachukua 1,800 na mwenye programu anabaki na 200. Watu huiita asilimia 10 na kuiona ndogo. Lakini tazama upande wako: ukishinda unaongeza 800, ukishindwa unapoteza 1,000. Kwa hiyo ushindi mmoja haufuti kipigo kimoja.

Njia fupi ya kujua unatakiwa ushinde mara ngapi ni kugawanya dau kwa zawadi. 1,000 kwa 1,800 ni asilimia 55.6. Chini ya hapo salio linashuka hata kama unashinda zaidi ya unavyoshindwa. Hesabu hii ifanye kwenye kila meza, maana meza za dau dogo mara nyingi ndizo zenye makato makali. Meza ya jero inayotoa zawadi ya 800 imekata asilimia 20, na hapo unahitaji ushindi wa asilimia 62.5. Pia jihadhari na maneno. Kuna programu inayosema inakata asilimia 10 ya faida, siyo ya pesa yote ya mezani. Hapo mshindi wa buku kwa buku anapata 1,900, na kiwango chako kinashuka hadi 52.6. Matangazo hayo mawili yanafanana, ila pesa hazifanani. Usisome asilimia, soma zawadi.

Tuseme kijana ameingiza elfu kumi kwa simu na kucheza mara 30 kwenye meza ya buku yenye zawadi ya 1,800. Ameshinda 15, ameshindwa 15. Ushindi umemletea 12,000, vipigo vimemtoa 15,000, salio ni 7,000. Hakuna aliyemwibia na hakucheza vibaya. Akishinda 16 bado yuko chini kwa 1,200. Anapofika 17 ndipo anakuwa juu kwa 600, na hizo 600 bado hazijapita kwenye ada ya kutoa pesa. Anayetoa kidogo kidogo kila jioni huumia zaidi, kwa sababu ada hukatwa kila anapotoa.

Sasa lije swali la ustadi. Ludo ina ustadi, sibishi. Kete yako ikiwa hatua 5 mbele ya kete ya mpinzani, anahitaji kurusha 5, yaani nafasi moja kati ya sita. Ukiisogeza iwe hatua 7 mbele, anahitaji 6 kisha 1, yaani nafasi moja kati ya 36. Hatua mbili tu, na hatari imepungua mara sita. Asiyejua jambo hili utamla kete mpaka ahame meza. Kwenye ludo ya dakika chache inayohesabu pointi kwa kila hatua, kete inayoliwa karibu na nyumbani inaondoka na pointi zake zote, kwa hiyo umbali huo una thamani kubwa zaidi kuliko kwenye ludo ya mbao.

Tatizo ni kwamba kila anayecheza sana anayajua haya. Halafu programu nyingi zinakupima. Ukishinda unapandishwa daraja, unakutanishwa na mwenye daraja kama lako. Mfumo huo unaitwa wa haki, na kwa mchezo wa bure ni wa haki kweli, kwa sababu kazi yake ni kuhakikisha kila mtu anashinda karibu nusu ya michezo. Lakini kwenye meza ya 1,800, nusu ndiyo kipigo chenyewe. Kadiri mfumo unavyowapanga watu vizuri, ndivyo makato yanavyowala wote wawili sawasawa. Karata za watu wawili zina ustadi mwingi zaidi ya dadu, lakini nazo zikipangwa kwa daraja zinaishia palepale.

Tuje kwa roboti, yaani programu inayocheza mezani kama mtu. Wengine huiita boti, ila huku pwani boti ni chombo cha baharini, kwa hiyo nitaita roboti ili tusichanganye. Roboti huletwa kwa sababu inayoeleweka: saa nane usiku hakuna mtu wa kucheza naye kwenye meza ya buku, na mchezaji akisubiri dakika tatu anafunga programu. Roboti anajaza kiti. Swali ni anacheza kwa pesa ya nani.

Watu wawili wakicheza, kampuni inapata 200 nani ashinde nani ashindwe. Haina upande. Roboti wa kampuni akikaa mezani, dau lake ni pesa ya kampuni inayotoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Ukishindwa, inachukua buku lako zima. Ukishinda, inakulipa 800. Michezo 100 ikigawanyika nusu kwa nusu, kampuni inaingiza 50,000 na kutoa 40,000, inabaki na 10,000. Michezo 100 ya watu kwa watu ingeipa 20,000. Kwa maneno mengine, roboti anayecheza sawa na wewe anaiingizia kampuni nusu tu ya kile ambacho watu wawili wangeiingizia. Ili afikie faida ile, lazima ashinde 56 kati ya 100. Akishinda 60, kampuni inabaki na 28,000, na wewe ndiye uliyezitoa zote. Hapo ndipo tamaa ilipo, na ndiyo maana siridhiki na jibu la «roboti wetu ni wa kujaza nafasi tu». Wa kujaza nafasi ana faida ndogo, wa kushinda ana faida kubwa, na seva inayorusha dadu ndiyo hiyohiyo inayomwendesha.

Shutuma za aina hii zimekwisha kufika mahakamani. Marekani, kampuni ya Skillz ilimshitaki mshindani wake Papaya mwaka 2024 ikidai kuwa wachezaji wa Papaya walikutanishwa na roboti huku wakiaminishwa kuwa wanacheza na watu. India, ambako ludo ya pesa ilikuwa imeota mizizi, sheria ya Agosti 2025 imepiga marufuku michezo ya pesa mtandaoni bila kutofautisha ustadi na bahati.

Utamtambuaje? Jina geni, picha ya kupakuliwa na kutojibu salamu havitoshi. Binadamu wengi wako hivyo. Tazama muda. Mtu mwenye kete moja tu ya kusogeza anasogeza papo hapo, akiwa na chaguo tatu zenye hatari anasita. Roboti ama anachukua sekunde zilezile kila mara, ama anabadilisha sekunde ovyo bila uhusiano na ugumu wa hali. Anayesita sekunde nne kusogeza kete pekee aliyonayo, kisha anaamua jambo gumu kwa sekunde moja, ananitia shaka kuliko asiyejibu salamu. Ila kuna mtego: programu nyingi humchezea mtu aliyekatika mtandao mpaka arudi, na wakati huo binadamu halisi ataonekana roboti mtupu. Kwa hiyo mchezo mmoja si ushahidi.

Ushahidi ni daftari. Wengi huhesabu sita za mpinzani, na hesabu hiyo ina maana ukiwa na dadu nyingi: katika marusho 600 tegemea sita 100, na chochote kati ya 82 na 118 ni kawaida ya bahati. Lakini mjanja hawezi kunaswa hivyo. Seva inayotaka kumsaidia roboti haihitaji kumpa sita nyingi, inahitaji kumpa namba sahihi kwa wakati sahihi. Kwa hiyo hesabu hivi. Kila mara ambapo kete moja tu ya mpinzani iko nyuma ya kete yako kwa hatua 1 hadi 5, na kete yako haiko kwenye kituo salama, weka alama. Kisha andika kama rusho lake la kwanza lilikuwa namba ile ile iliyohitajika. Usijali kama alikula au hakula, andika namba. Hali zenye kete zake mbili nyuma yako ziache, zinachafua hesabu.

Ukifikisha hali 120, namba sahihi ilipaswa kutokea kama mara 20. Ikitokea 16 au 25, ni bahati tu. Ikivuka 28, shaka yako ina msingi; ikifika 35, mimi ningetoa salio siku hiyohiyo. Fanya vivyo hivyo kwa marusho yako mwenyewe, ili ulinganishe. Kama wewe unapata 19 na wapinzani 33 kwenye daftari hilohilo, tofauti hiyo ndiyo inayozungumza. Na usianze kuhesabu baada ya kipigo kinachouma, kwa sababu utakuwa umeanza na bahati mbaya mkononi. Anza Jumatatu asubuhi, andika kila mchezo mpaka hali zitimie.

Wapo pia roboti wa wachezaji, yaani mtu anayefungua akaunti na kuiachia programu imchezee. Huyu kampuni haimpendi, kwa sababu anafukuza wateja, na malalamiko dhidi yake husikilizwa. Tuma nambari ya mchezo, tarehe na saa, jina la akaunti, na picha za skrini zinazoonyesha muda wa kusogeza. Maneno «ananiibia» peke yake hayapati jibu.

Malalamiko dhidi ya kampuni yenyewe ni kazi nyingine. Tanzania msimamizi ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na mchezaji lazima awe na miaka 18. Kabla ya kuingiza hata buku, tafuta jina la kampuni na leseni yake ndani ya programu, kisha uliza Bodi kama inaitambua. Programu iliyotumwa kama faili kwenye kundi la WhatsApp, inayokutaka utume pesa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, haina wa kumlalamikia. Nyingine zote zijaribu kwa kutoa pesa mapema: ingiza kiasi kidogo, cheza michezo miwili, toa kilichobaki. Ukiambiwa salio lako ni bonasi na lazima kwanza ulizungushe mara kadhaa mezani, rudi kwenye hesabu ya juu. Kwenye meza ya 1,800, kila buku unaloweka mezani dhidi ya mtu wa kiwango chako linakugharimu wastani wa shilingi 100. Bonasi ya 2,000 unayotakiwa kuizungusha mara 10 inakutaka uweke mezani 20,000, na makato yake ni hizo 2,000 zenyewe.