Bei ya kituo cha tuisheni huanzia darasani

Wenye vituo vya tuisheni hapa Dodoma wakiona viti vitupu, wengi hukimbilia kushusha ada. Mara nyingi hapo ndipo tatizo linapokomaa. Zile nguzo nne za masoko alizozipanga Jerome McCarthy mwaka 1960, yaani bidhaa, bei, mahali na promosheni, huvutana. Kwenye huduma huvutana zaidi, kwa kuwa bidhaa inatengenezwa mbele ya mteja na haiwekwi stoo. Kiti kilichokaa kitupu Jumatatu hakiuziki Jumanne.

Chukulia, kwa mfano, darasa la Hisabati kidato cha pili pale Nkuhungu, lenye vipindi 12 kwa mwezi, kila kimoja dakika 90. Mwalimu analipwa shilingi 15,000 kwa kipindi, sawa na 180,000 kwa mwezi. Sehemu ya kodi ya chumba ni 60,000. Umeme, chaki na kudurufu mazoezi 30,000. Jumla ni 270,000, wawe wanafunzi watano au ishirini. Kwa ada ya 30,000 gharama zinarudi kwa wanafunzi 9. Ukishusha hadi 15,000, unahitaji 18.

Sasa tazama bidhaa. Mzazi hakununua hotuba ubaoni, maana hiyo mtoto anaipata shuleni. Amenunua mwalimu anayekaa na daftari la mwanawe na kuona hesabu ilipopindia. Dakika 4 kwa kila mwanafunzi, kwa watu 9, ni dakika 36, na muda wa kufundisha unabaki. Kwa 18 ni dakika 72; zinabaki 18 tu za kufundisha. Mwalimu ataacha kusahihisha, na wewe utakuwa umeuza bidhaa nyingine kwa jina lilelile. Dalili yake huonekana kwenye daftari la mahudhurio: wiki ya kwanza wamejaa, ya tatu wanapungua, mwezi ujao hawalipi.

Ada ya kila siku nayo ni mtego, kwani siku ya mvua wanakuja wanne na mwalimu anadai 15,000 yake ileile. Toza kwa mwezi, mwanzoni. Mzazi asiyeweza kwa mkupuo alipe mara mbili, kwa tarehe zinazojulikana.

Mahali ni pamoja na saa. Kipindi cha saa 10 hadi 11:30 jioni humrudisha mtoto nyumbani kabla ya giza. Kikianza saa 12, mzazi wa binti hakubali hata ukifundisha bure.

Promosheni iliyo bora hapa ni jaribio la bure la maswali 10 siku ya kuandikishwa. Anayesoma ni mtoto, anayelipa ni mzazi, na mzazi haoni kipindi. Mwonyeshe alama za siku ile, kisha za jaribio lenye uzito uleule baada ya wiki nne, pamoja na mada ambazo bado zinamsumbua. Kuahidi daraja la kwanza kwenye bango ni kosa: matokeo hayako mikononi mwako peke yako, na mzazi aliyeahidiwa hivyo atawasimulia majirani zake.