Nyanya Kuoza Kitako na Kupasuka: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Shika mche mmoja wa nyanya uliozaa vizuri, kisha uukague kuanzia kichala cha chini hadi cha juu. Mara nyingi utakuta nyanya za chini, zilizoanza kuiva, zimepasuka kuanzia kwenye kikonyo, ilhali zile changa za katikati, zenye ukubwa wa ndimu, zina baka la kahawia au jeusi kwenye kitako. Wakulima wengi huyahesabu haya kuwa magonjwa mawili na kuyanunulia dawa mbili, ilhali chanzo chake kwa kawaida ni kimoja: maji yanayokuja kwa wingi leo, kisha yakakosekana kwa siku nyingi.

Dhana: Kuoza kitako ni ukungu, kwa hiyo dawa ya ukungu itauzuia.

Kuoza kitako hakusababishwi na ukungu, bakteria wala mdudu, na hakuambukizi kutoka tunda moja hadi jingine. Baka huanza upande ulio mkabala na kikonyo, likiwa kama eneo lililolowa maji. Baadaye hugeuka kahawia, hukauka, hudidimia na kuwa gumu kama ngozi. Vumbi jeusi linaloonekana juu yake siku chache baadaye ni kweli ni ukungu, lakini huo umekuja kula nyama iliyokwisha kufa. Ili kutofautisha, tazama majani na shina. Ugonjwa wa bakajani chelewa hushambulia majani, shina na matunda kwa pamoja, na kwenye tunda mara nyingi huanzia mabegani, karibu na kikonyo. Kama majani ni safi na kila doa liko kitakoni, dawa ya ukungu ya mankozebu uliyopulizia haikuwa na kazi yoyote ya kufanya hapo.

Dhana: Udongo hauna kalsiamu, weka maganda ya mayai au pulizia mbolea ya kalsiamu kwenye majani.

Hapa kuna ukweli nusu, na ndiyo sababu dhana hii inadumu. Kitako huoza kwa sababu seli zake zimekosa kalsiamu, kirutubisho kinachoimarisha kuta za seli na kuzishikamanisha. Hata hivyo, katika mashamba mengi kalsiamu imo udongoni ya kutosha, ila haikufika kwenye tunda. Kalsiamu husafiri ikiwa imeyeyuka katika maji yanayopanda kutoka kwenye mizizi, na maji hayo huelekea zaidi kule yanakopotelea hewani. Jani lina vitundu vingi vya kupumulia, hivyo huvuta maji mengi. Tunda lina ngozi yenye nta isiyo na vitundu hivyo, hivyo huvuta kidogo sana. Udongo ukikauka, majani huchukua karibu maji yote yaliyopo na tunda hubaki na mabaki, tena kitako, kilicho mbali zaidi na kikonyo, ndicho hukosa kabisa.

Jambo la pili ni kwamba kalsiamu ikishaingia kwenye jani haihami tena. Ndiyo maana kupulizia majani hakusaidii tunda. Labda kile kidogo kinachogusa tunda lenyewe likiwa bado changa sana. Maganda ya mayai nayo huyeyuka polepole mno kuweza kuokoa zao la msimu huu, na hata yangeyeyuka haraka, bado yangehitaji maji ya kuyabeba.

Siku za hatari zaidi ni wiki mbili hivi za kwanza baada ya tunda kutunga, linapokua kwa kasi. Baka unaloliona leo ni matokeo ya ukavu uliokwisha kupita, na tunda lililooza halitapona. Liondoe ili mche usipoteze chakula kwalo.

Kuna hali ambazo kalsiamu hupungua kweli, hasa kwenye udongo wenye tindikali kali. Huko chokaa ya kilimo inahitajika, ikichanganywa na udongo miezi miwili au mitatu kabla ya kupandikiza, baada ya kupima udongo. Vilevile, yurea na salfeti ya amonia zikiwekwa kwa wingi wakati wa kutunga matunda huongeza tatizo, kwa sababu amonia hushindana na kalsiamu mlangoni mwa mizizi, na naitrojeni nyingi hukuza majani mapana yanayovuta maji zaidi.

Dhana: Ukimwagilia sana mara moja kwa wiki, maji yatatosha wiki nzima.

Hii ndiyo iliyonigharimu mwenyewe. Nililima Cal J, mbegu yenye matunda marefu kiasi ambayo huoza kitako kwa urahisi, kwenye robo ekari ya udongo wa kichanga, na zamu yangu ya mfereji ilikuwa mara moja kwa siku saba. Shamba la ukubwa huo, takriban mita za mraba 1,000, hupoteza milimita 5 hivi za maji kwa siku ya jua kali, yaani lita 5,000. Kwa wiki ni lita 35,000, na nilikuwa nikizipata zote. Lakini kichanga, katika sentimita 30 za juu zenye mizizi mingi, huhifadhi maji ambayo mche unayapata bila taabu ya siku mbili au tatu tu. Yaliyobaki yalizama chini. Kwa hiyo kila wiki miche yangu ilishiba siku tatu na kukaa na kiu siku nne, ingawa hesabu ya lita ilikuwa sahihi.

Nilichimba bwawa la mita 5 kwa 5, kina mita moja na nusu, nikalitandika karatasi ya nailoni, na zamu yangu nikaielekeza humo. Kisha nikamwagilia lita 10,000 kila baada ya siku mbili na kutandaza nyasi kavu kwenye matuta, unene wa vidole vinne, bila kuzigusisha na shina. Palizi nikaifanya kwa mkono karibu na mche, maana jembe hukata mizizi ileile inayoleta kalsiamu. Kiasi cha maji hakikubadilika. Kilichobadilika ni mgawanyo wake.

Udongo wa mfinyanzi ni habari tofauti. Huo hukaa na maji muda mrefu, na ukimwagiliwa kila siku mbili mizizi hukosa hewa, hushindwa kufyonza, na kitako huoza vilevile shamba likiwa na tope. Chimba kwa mkono hadi sentimita 15, finyanga udongo: ukishikamana na kuacha unyevu kiganjani, subiri.

Dhana: Nyanya hupasuka kwa jua au kwa mbegu mbaya.

Mbegu huchangia, na kupunguza majani kupita kiasi huiacha ngozi ikaungua na kukakamaa. Lakini mpasuko wenyewe huletwa na maji ya ghafla. Tunda linaloiva lina sukari nyingi inayovuta maji, na ngozi yake imeacha kukua. Mvua kubwa ikinyesha baada ya ukavu, nyama huvimba na ngozi hukatika, ama kwa mistari inayoshuka kutoka kikonyoni, ama kwa pete zinazokizunguka. Kwa hiyo mawingu yakikusanyika baada ya juma la ukavu, chuma zile zilizoanza kubadilika rangi. Zitaivia kwenye tenga.

Katika shamba langu, vichala viwili vya chini viliharibika hata baada ya bwawa kuanza kazi, na cha tatu kilikuwa mchanganyiko. Kichala cha nne, kilichochanua baada ya ratiba mpya, kilitoka na vitako safi.